“Imetolewa saa 5”: kisa cha magnesiamu salfeti na dozi moja iliyozuiwa

Majina, mahali na tarehe vimeondolewa, na umri wa mama umebadilishwa kidogo. Vipimo, vipimo vya dozi na mpangilio wa saa vimebaki kama vilivyohitajika ili msomaji aone uamuzi ulivyofanyika. Saa zote hapa ni za Kiswahili, isipokuwa pale inapoelezwa vingine. Sababu ya kulisema hilo mapema itajulikana mbele.

Usuli

Mama wa miaka ishirini na kitu, mimba ya kwanza, wiki 36. Kliniki alikuwa amehudhuria mara nne na presha yake ilikuwa ya kawaida mara zote, ya mwisho ikiwa 118/76 wiki tano nyuma. Siku mbili kabla ya kufika alianza kuumwa kichwa upande wa mbele, akameza parasetamoli, kikatulia kisha kikarudi. Asubuhi ya siku yenyewe alianza kuona “vimulimuli” na maumivu chini ya mbavu za kulia. Nyumbani walidhani ni vidonda vya tumbo. Alifika kituo cha afya na mama mkwe wake saa 4:15 asubuhi.

Kituo kilikuwa na mkunga mmoja na tabibu mmoja. Hakuna chumba cha upasuaji wala maabara ya kupima figo. Hospitali ya rufaa iko mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, barabara ikiwa kavu.

Kituoni

Presha ya kwanza ilikuwa 172/114. Mkunga alimlaza ubavu wa kushoto, akabadilisha mkanda wa kipimo kwa ule mpana zaidi kwa kuwa mkono wa mama ulikuwa umevimba, akapima tena baada ya robo saa: 168/112. Kijiti cha mkojo kilionyesha protini alama tatu. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa 144. Goti lilipogongwa, mguu uliruka kwa nguvu kuliko kawaida.

Presha ya 160/110 au zaidi, protini kwenye mkojo, kichwa kisichotulia, macho kuona vimulimuli na maumivu ya sehemu ya ini: hiyo ni priklampsia kali, ugonjwa wa presha ya mimba unaoweza kuleta degedege. Sindano ya kuzuia degedege hilo ni magnesiamu salfeti. Mama hakuwa amepata degedege. Mama mkwe aliuliza swali ambalo hata baadhi ya watumishi hulibeba kimoyomoyo: “Mwanangu, mbona mkwe wangu hajaanguka kifafa, sindano ya kifafa ya nini?” Mkunga alimjibu, “Mama, tunampa ili asianguke. Akishaanguka njiani, mimi na dereva tutakuwa wawili tu.”

Jibu hilo lina ushahidi nyuma yake. Jaribio lililoitwa Magpie, lililochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, lililinganisha magnesiamu na dawa bandia kwa wanawake wenye priklampsia ambao hawakuwa wamepata degedege. Waliopata dawa, degedege liliwatokea takriban 0.8 kwa kila 100, wasioipata, 1.9 kwa kila 100. Yaani hatari ilipungua zaidi ya nusu. Dawa hii haishushi presha kwa kiwango cha kutegemewa. Kazi yake ni kuutuliza ubongo na kulegeza mishipa midogo ya damu ya ubongo isijikaze. Presha ina dawa zake, na kosa linalojirudia ni mtumishi kutoa magnesiamu kisha kukaa akisubiri presha ishuke.

Mkunga alitayarisha dozi ya kuanzia saa 4:45. Alisoma kila ampuli kwanza, kwa sababu kabati lilikuwa na aina mbili: za mililita 10 zenye gramu 5, na za mililita 2 zenye gramu 1. Zote ni asilimia 50, kila mililita ina nusu gramu. Kwa mshipa alivuta mililita 8 za asilimia 50, sawa na gramu 4, akaongeza mililita 12 za maji safi ya sindano hadi kufika mililita 20. Hapo dawa inakuwa asilimia 20. Aliipitisha polepole kwa dakika 10 akiwa ameshika saa. Mama alilalamika, “Nesi, mwili wote unawaka.” Joto hilo, uso kuwa mwekundu na kichefuchefu kidogo ni mambo ya kawaida ya sindano ya mshipa. Alimweleza kabla hayajaanza, ndiyo maana mama hakujaribu kuvuta mkono.

Kisha gramu 10 kwenye msuli: gramu 5 kila kalio, yaani mililita 10 za asilimia 50 bila kuchanganya na maji, pamoja na mililita 1 ya lidokaini ya asilimia 2 ndani ya kila bomba kwa ajili ya maumivu. Dawa ya makalio ni nzito, huchoma, na isipoingia ndani kabisa ya msuli huleta jipu. Alitumia sindano ndefu, akabandika plasta mbili, akamaliza saa 5:00 asubuhi. Jumla mwilini: gramu 14.

Baada ya hapo nifedipini miligramu 10 ya kumeza kwa ajili ya presha, na mpira wa mkojo saa 5:15. Nusu saa baadaye presha ilikuwa 156/102. Lengo la dakika hizo ni kutoka kwenye eneo la kiharusi. Kuirudisha kwenye 120 hapo hapo ni kumkosesha mtoto damu.

Gari liliondoka saa 6:10 mchana. Kwenye fomu ya rufaa, magnesiamu salfeti ikiwa imeandikwa kwa alama yake ya kikemia, mstari wa dawa ulisomeka hivi: “MgSO4 imetolewa saa 5. Nifedipini imetolewa.”

Hospitalini: fomu isiyosomeka ingawa mwandiko ni mzuri

Mama alipokelewa saa 7:40 mchana. Karatasi za ufuatiliaji za wodi hiyo huandikwa kwa saa 24, na kwa macho yaliyozoea karatasi hizo, “saa 5” ni alfajiri, 05:00. Kwa mkunga wa kituo, aliyeandika kama anavyosema, ilikuwa saa 5 asubuhi, 11:00. Tofauti ni saa sita, na ndani ya saa sita kuna dozi nzima ya kuendelea. Fomu pia haikusema gramu ngapi wala imeingia wapi.

Mpokeaji alikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuchukulia kwamba kilichotolewa hakijulikani, hivyo kuanza upya na gramu 14. Hilo lingeuweka mwili wa mama na gramu 28 ndani ya saa tatu hivi, huku dawa ya makalio bado inaendelea kufyonzwa. Ya pili ni kuamini 05:00: dozi ya kila saa 4 ilitakiwa 09:00, imepitwa mbali, basi itolewe sasa hivi. Ingetolewa saa moja na dakika 20 kabla ya wakati wake. Ya tatu ni kusimama, kumpima mama, na kutafuta ukweli.

Alichagua ya tatu, na hakukaa bure wakati simu inatafutwa. Alihesabu pumzi: 20 kwa dakika. Aligonga goti: lipo. Aliangalia makalio, akaona plasta mbili mpya, upande huu na upande huu. Akamuuliza mama, “Dada, hizi sindano za nyuma umechomwa lini, kabla ya chai au baada?” Baada ya chai. Swali la namna hiyo lina thamani kuliko “saa ngapi”, kwa sababu mama aliyeumwa kichwa siku mbili hana saa mkononi, lakini chai anaikumbuka. Dereva, ambaye alikuwa hajaondoka, alimpigia mkunga wa kituo, na dakika kumi baadaye jibu lilikamilika: gramu 4 mshipani, gramu 10 makalioni, zimekwisha saa 5 asubuhi. Dozi inayofuata: saa 9 alasiri.

Daktari wa zamu aliamua mtoto azaliwe. Katika wiki 36 na dalili kali, kusubiri hakumsaidii mama, na tiba ya ugonjwa huu ni kondo la nyuma kutoka. Mlango wa uzazi ulikuwa bado mgumu, ukaanza kulainishwa kwa misoprostoli mikrogramu 25 ya kumeza kila saa 2. Maji yote, ya dripu na ya kunywa, yalipangiwa kikomo cha mililita 80 kwa saa.

Dozi ya saa 9 alasiri, na saa nne zilizoandikwa vibaya

Kabla ya kila dozi ya kuendelea yapo maswali matatu. Pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika? Goti linaruka? Mkojo wa saa 4 zilizopita ni angalau mililita 30 kwa saa? Jibu moja likiwa hapana, dozi haiingii.

Maswali haya yanatokana na safari ya dawa yenyewe. Magnesiamu haichakatwi na ini, inatoka karibu yote kwa figo. Figo zikibana, gramu 5 za sasa zinapandia juu ya gramu 5 za awali. Kiwango kinachozuia degedege ni karibu milimoli 2 hadi 3.5 kwa lita ya damu. Kikivuka 3.5 goti huanza kunyamaza. Kikikaribia 5 na kupita, misuli ya kupumua hulegea. Juu zaidi, moyo husimama. Kwa hiyo goti ni kengele inayolia kabla ya pumzi, na mkojo unalia kabla ya goti. Hospitali isiyo na kipimo cha magnesiamu kwenye damu bado inaweza kuitumia dawa hii kwa usalama, ilimradi kengele hizo zisikilizwe kwa mpangilio huo.

Saa 9 alasiri majibu yote yalikuwa ndiyo: pumzi 20, goti lipo, mkojo mililita 165 tangu mpira ulipowekwa, yaani takriban 44 kwa saa. Gramu 5 ziliingia kalio la kushoto.

Kuanzia hapo karatasi inaanza kusema uongo mdogo mdogo. Saa 10: pumzi 18, mkojo mililita 25, goti “+”. Saa 11: pumzi 18, mkojo pametupu, goti “+”. Saa 12 jioni: pumzi 18, mkojo pametupu, goti patupu. Wodi ilikuwa na kina mama wawili waliokuwa wanasukuma wakati mmoja na wauguzi wawili.

Dozi ya saa 1 jioni

Zamu zilibadilishana wakati dozi imeshavutwa kwenye bomba na ipo kwenye trei. Muuguzi aliyetoka alimwambia aliyeingia, “Dada, mama wa kitanda cha tatu ni kumchoma tu, kila kitu kipo tayari.” Aliyeingia alikubali trei lakini hakuichukua. Alivuta kiti, akaketi kando ya kitanda.

Mama alikuwa amelala. Alipoitwa alifungua macho, akajibu kwa ulimi mzito, maneno yakivutika. Pumzi, kwa dakika nzima: 14. Mkono ukawekwa chini ya goti, mguu ukaachwa ulegee, pakagongwa chini ya kifuniko cha goti: kimya. Akamwomba mama afungamanishe vidole vya mikono yake na kuvuta kwa nguvu, mbinu inayosaidia kuliamsha goti la mtu aliyejikaza, akagonga tena miguu yote miwili: kimya. Mfuko wa mkojo: mililita 55 tangu saa 9. Takriban 14 kwa saa. Oksijeni kwenye kidole: asilimia 96. Presha 154/100.

Alifanya vitu vitano kwa mfuatano huu. Aliondoa bomba la dawa kwenye trei na kuliandika “imezuiwa”, ili mwenzake asije akalichukua kwa nia njema. Alifuata mpira wa mkojo kwa vidole kutoka kwenye paja hadi mfukoni, kuona kama umekunjwa au umelaliwa. Ulikuwa sawa, na kibofu hakikujaa alipokibonyeza. Aliinua kichwa cha kitanda na kumwekea mama oksijeni. Alimwita daktari. Akaagiza kalsiamu glukoneti iletwe kitandani.

Kalsiamu ndiyo inayopingana na magnesiamu: gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, kwa mshipa, polepole kwa dakika chache, moyo ukisikilizwa. Hapa paliibuka uamuzi ambao wasomaji wengine watautilia shaka. Daktari hakuitoa. Aliiacha imevutwa, ikiwa na jina kwenye bomba, mfuko wa ambu wa kumpulizia hewa ukiwa kichwani mwa kitanda, na akaweka mipaka mitatu ya kuitoa bila kumsubiri: pumzi chini ya 12, oksijeni kushuka chini ya 94 licha ya kupewa, au mama kushindwa kuamka akiitwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mama anapumua mwenyewe na anajibu, na kalsiamu ikitolewa itapunguza kinga dhidi ya degedege kwa mama ambaye presha yake bado iko juu.

Hoja nyingine ilikuwa ya maji. Muuguzi mmoja alipendekeza lita nusu ya chumvi iingie haraka “kuamsha figo”. Daktari alikataa. Katika priklampsia kali mishipa midogo inavuja, na maji yanayosukumwa kwa haraka huishia kwenye mapafu. Mama akishaanza kukohoa povu, tatizo la mkojo mdogo litaonekana dogo. Walimpa ya kikomo kile kile cha mililita 80 kwa saa, na damu ikapelekwa maabara. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ilirudi mikromoli 128 kwa lita. Kwa mtu asiye mjamzito mwenye misuli, namba hiyo ingeweza kupita bila kelele. Kwa mjamzito, ambaye figo zake husafisha damu zaidi ya kawaida na kreatinini yake hutakiwa kuwa chini, ni figo zinazoumwa.

Usiku

Saa 2 usiku pumzi zilikuwa 15. Saa 3, 16. Saa 4, goti la kulia liliruka kidogo, la kushoto likafuata, ulimi ukawa mwepesi na mama akauliza kama mumewe amefika. Saa 5 usiku pumzi zilikuwa 18, magoti yote yapo, na mkojo wa saa nne ulikuwa mililita 130, zaidi kidogo ya 32 kwa saa.

Sasa yote matatu yamekubali, lakini kreatinini iko juu. Daktari aliagiza nusu ya dozi, gramu 2.5, badala ya 5, na goti lipimwe kila nusu saa. Huo ulikuwa uamuzi kwa mama huyu, kwa figo hizi. Usinakiliwe kama kanuni ya wodi.

Mtoto wa kike alizaliwa kwa njia ya kawaida saa 8:40 usiku, kilo 2.4. Alitoka mlegevu, hakulia. Chumba kilikuwa kimeshaambiwa mama yuko kwenye magnesiamu, dawa ambayo huvuka kondo na kumlegeza mtoto, kwa hiyo mfuko na barakoa ndogo vilikuwa vimeshafunguliwa. Alipuliziwa hewa kwa chini ya dakika moja, akalia. Mama alipewa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli, na tumbo likafuatiliwa kwa mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, maana magnesiamu huulegeza mfuko wa uzazi pia. Egometrini haikuguswa, kwa ajili ya presha.

Matokeo

Dozi ziliendelea hadi saa 24 baada ya kujifungua. Kuanzia asubuhi mkojo ulifunguka, ukafika mililita 90 kwa saa, kama inavyotokea kwa wengi baada ya kondo kutoka, na daktari akarudisha dozi kamili. Degedege halikutokea. Kreatinini siku ya tatu ilikuwa 81. Presha ilidhibitiwa kwa nifedipini ya muda mrefu, na mama na mtoto waliruhusiwa siku ya tano. Kalio la kushoto lilibaki na uvimbe mgumu ambao ulipungua bila kuwa jipu.

Uchambuzi

Kituo kilifanya jambo gumu zaidi na kikalifanya vizuri: kilitoa dozi yote ya kuanzia kabla ya gari kuwaka. Woga wa vituo vingi vidogo ni kwamba dawa hii itamsimamisha mgonjwa pumzi mikononi mwao, basi wanampeleka “ikaanzie huko mbele”. Dozi ya kwanza haisubiri figo. Hata mama asiyekojoa anapewa, kwa sababu bado hakuna kitu mwilini cha kurundikana. Swali la figo linaanza kwenye dozi ya pili. Watumishi wakilielewa hilo tu, woga mwingi huondoka.

Kituo hicho hicho kilishindwa kwenye mstari mmoja wa fomu. Lawama si ya mwandiko. Sisi tunaongea saa moja na kuandika nyingine, na kila mmoja anadhani ya kwake ndiyo iliyo wazi. Mstari uliotakiwa ungekuwa mrefu kidogo: “Magnesiamu gramu 4 mshipani 10:45, gramu 5 kila kalio, imekwisha 11:00 (saa 5 asubuhi). Inayofuata 15:00 (saa 9 alasiri).” Neno lenye thamani zaidi hapo ni “inayofuata”. Anayepokea hataki historia kwanza, anataka kujua afanye nini na lini. Baada ya kisa hiki kituo kilianza kubandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mkono wa mama chenye mstari huo, kwa kuwa fomu hubaki mapokezi wakati mgonjwa ameshafika wodini.

Kuhusu zile pumzi 18, 18, 18. Watumishi wengi huhesabu pumzi kwa robo dakika kisha huzidisha kwa nne. Kwa njia hiyo majibu yanayowezekana ni 12, 16, 20, 24. Namba 18 haipo. Aliyehesabu nusu dakika anaweza kuipata, lakini kuipata mara tatu mfululizo, kwa mama ambaye saa moja baadaye ana 14, ni dalili kwamba iliyoandikwa ni namba ya mazoea. Anayekagua karatasi azitafute namba pacha kama hizo. Na hata robo dakika yenyewe haifai kwa mama wa magnesiamu: kosa la pumzi moja linageuka kosa la nne, na nne ndiyo tofauti kati ya 16 na 12. Ni dakika nzima, mkono ukiwa juu ya tumbo lake, bila kumwambia kuwa unahesabu.

Mkojo ulikuwa umeshatoa taarifa saa 10 jioni, mililita 25 kwa saa moja. Saa moja pekee haitoshi kuzuia dozi, lakini ilitosha kumfanya mtu arudi saa 11. Sehemu ya tatizo ilikuwa mfuko wenyewe: ule wa lita mbili una mistari ya mililita 100, na mtu hawezi kusoma 25 kwa jicho. Wodi ilipata dawa ya bei nafuu, kumimina mkojo kila saa kwenye jagi la kupimia lenye alama za mililita 10. Kuna ugumu wa watu wawili kwa kina mama wengi, na hilo jagi haliutatui. Ukilazimika kuchagua kati ya kupima presha kila saa na kupima mkojo kila saa kwa mama ambaye presha yake imetulia, mimi ningechukua mkojo.

Dozi iliyovutwa mapema ilikuwa mtego. Bomba lililojaa kwenye trei linamwambia anayeingia zamu kwamba ukaguzi umeshafanyika. Utaratibu uligeuzwa: vipimo vitatu viandikwe kwanza, kwa saini, ndipo ampuli ivunjwe. Na makabidhiano ya mama wa magnesiamu sasa hufanyika kando ya kitanda, wote wawili wakigonga goti lile lile. Kama mama amechomwa sindano ya ganzi ya mgongo, goti halitaruka kwa sababu ya ganzi, basi wagonge mkunjo wa kiwiko.

Kuzuia dozi kulimtia wasiwasi ndugu na hata mtumishi mmoja: je, hajaachwa bila kinga? Kimya cha goti ndicho kilichojibu. Mwili uliokuwa na dawa ya kutosha kunyamazisha goti ulikuwa na zaidi ya inayohitajika kuzuia degedege, na figo zilizobana ndizo zilizoitunza mle ndani. Kinga hupungua mkojo unapofunguka, na wakati huo ndipo dozi inaporudi.

Uamuzi wa kutotoa kalsiamu ulikuwa sahihi kwa sharti moja tu, kwamba muuguzi alibaki kwenye kile kiti. Wodi ambayo haina mtu wa kukaa ingepaswa kuitoa kwenye pumzi 14 na goti lililonyamaza, na kulipa gharama ya kinga iliyopungua, kwa sababu degedege linaonekana na kusikika kutoka mlangoni. Pumzi zinazopungua hazipigi kelele. Kibaya zaidi usiku ule ni kwamba kalsiamu ilichukua dakika tisa kufika kitandani: kabati la dharura lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda stoo. Sasa ampuli moja ya kalsiamu, bomba la mililita 10 na sindano vimefungwa kwa plasta pamoja kwenye trei ile ile ya magnesiamu, na ampuli hiyo ikikosekana, trei haitoki.